Nilipandisha bonasi, hakuna aliyepiga makofi

Jumatatu moja asubuhi niliingia kwenye kikao na habari ambayo mimi niliona ndo nzuri kuliko zote nilizowahi kuleta pale ofisini. Bonasi ya mwezi inatoka laki na nusu inaenda laki mbili na nusu. Nimeipigania kwa meneja wa kanda wiki tatu, barua nimeandika, simu nimepiga mpaka nikawa kero, nikasema leo watu wataruka. Nikatangaza. Kimya. Mzee mmoja kwenye timu akaendelea kupuliza chai yake, kaka wa Kariakoo akaangalia simu, alafu dada wa Chanika akauliza kwa upole kabisa, "Bosi, hiyo ni kama ile ya Desemba?"

Watu wakacheka, ila si kicheko cha furaha. Nikachukia. Siku ile nilirudi nyumbani namwambia mke wangu hawa watu hawana shukrani. Ilinichukua kama miezi minne kuelewa kwamba wale watu walikuwa wanapiga hesabu sahihi kabisa, aliyekuwa anakosea hesabu ni mimi. Naandika hii kwa sababu najua masupavaiza wengi wanapita hapohapo, timu imepoa, wanaomba hela zaidi kwa wakubwa, hela ikija timu inabaki imepoa vilevile.

Niwaeleze kazi yenyewe kwanza. Tulikuwa tawi la kampuni ya mikopo midogo hapa Dar, sitaitaja, mimi supavaiza na chini yangu maofisa mikopo nane, kila mmoja na eneo lake. Ofisa anatafuta wateja, anakagua biashara, anakaa na vikundi, anatoa mkopo, alafu anafuatilia marejesho. Bonasi ilikuwa na masharti mawili na ukikosa moja hupati hata mia. La kwanza, utoe mikopo ya milioni 40 kwa mwezi, wote sawa, uwe wa Kariakoo uwe wa Chanika. La pili, mikopo yako iliyo hatarini isizidi asilimia 5. Kwenye ripoti imeandikwa PAR, sisi mdomoni tunaita paa.

Hiyo paa wengi nje ya hii kazi wanaielewa vibaya na ndo ilileta nusu ya ugomvi, kwa hiyo nivumilieni kidogo. Siyo hela zilizochelewa tu. Mteja akiwa amebakiza deni la laki 6 na amechelewesha rejesho moja la elfu 50 kwa zaidi ya siku 30, inayoingia kwenye paa ni laki 6 yote, sio elfu 50. Unachukua madeni yote ya namna hiyo unagawa kwa madeni yote uliyonayo nje. Kwa hiyo wateja watano tu wakikuharibia, mwezi wako umekwisha.

Sasa huyo dada wa Chanika. Alichukua eneo kutoka kwa ofisa aliyeacha kazi ghafla, na yule bwana aliacha uozo. Wateja wengine wamehama, wengine mdhamini hapatikani, kuna mmoja biashara yenyewe haikuwahi kuwepo. Dada kaikuta hivyo, ikaandikwa kwa jina lake. Kila siku analipa bodaboda elfu 6 mfukoni kuzungukia vikundi, ofisi inarudisha elfu 3. Kaka wa Kariakoo anatembea kwa miguu kutoka duka hadi duka na mteja mmoja wa vitenge anachukua mkopo sawa na kikundi kizima cha Chanika. Alafu mwisho wa mwezi picha ya kaka inabandikwa ukutani, mfanyakazi bora, na dada anaitwa kujieleza.

Nilikuwa naona hiyo picha ya ukutani ni motisha. Jamani.

Kilichonifungua macho ni masomo ya jioni ya biashara niliyokuwa nasoma kwa kujivutavuta. Mwalimu akafundisha nadharia ya matarajio ya Victor Vroom, aliyoitoa mwaka 1964. Huyu Vroom ni mwanasaikolojia aliyezaliwa Kanada akafanya kazi Marekani, na hoja yake ni kwamba mtu kabla hajatoa jasho anapima mambo matatu kichwani. Kwenye vitabu imeandikwa hivi:

```
M = E × I × V
```

Mwalimu alitaja majina ya kitaalamu yakanipita, nikaandika pembeni ya daftari maneno yangu matatu na mpaka leo natumia hayohayo: naweza badala ya E, nitapewa badala ya I, nataka badala ya V. Naweza, ni ile imani kwamba nikijituma kweli matokeo yatatokea. Nitapewa, ni imani kwamba matokeo yakitokea zawadi itakuja. Nataka, ni kama hiyo zawadi ina maana kwangu mimi, sio kwa bosi. Juhudi, hiyo M, ni hayo matatu yakizidishwa.

Nilishtuka na hiyo alama ya kuzidisha. Ingekuwa kujumlisha, ukiongeza hela unafidia mengine. Ila kuzidisha, kimoja kikiwa sifuri jibu ni sifuri hata uweke bonasi ya milioni. Nikakumbuka kikao cha Jumatatu, nikaona aibu peke yangu darasani. Nilikuwa nimeongeza kwenye nataka, na nataka haikuwa na tatizo, nani hataki hela.

Nikaamua kupima timu yangu, na hapa nikafanya kosa la kwanza. Niliuliza kikaoni. "Kila mtu aniambie, kwa kumi, una imani kiasi gani ukifikisha tageti utalipwa?" Nane, nane, tisa, nane, hivyohivyo mpaka wa mwisho. Nani atasema mbili mbele ya bosi wakati mkataba wake unaisha Juni. Usiulize kikaoni, kabisa, utapata majibu ya heshima na utayaamini.

Mara ya pili niliwachukua mmojammoja, nikawa nakaa nao kwa mama lishe nyuma ya ofisi baada ya saa nane watu wakipungua. Na sikuanza na namba. Nilianza na "niambie mara ya mwisho ulijituma ukaona haikulipa, ilikuwaje". Hapo ndo nikapewa historia ya tawi langu mwenyewe ambayo mi sikuijua.

Ile Desemba waliyokuwa wanacheka kumbe ilikuwa hivi, kabla sijaletwa pale. Maofisa watatu walifikisha tageti zote mbili. Januari wakaambiwa tawi zima halikufikia lengo kwa hiyo bonasi zimezuiwa. Sharti la tawi halikuwepo Desemba, lilikuja Januari, wakati kazi imeshafanyika. Na Januari ndo ada za shule. Mmoja wao alishakopa kwa jamaa zake akitegemea ile laki na nusu. Juu ya hapo kulikuwa na kipengele kwamba asilimia 30 ya bonasi anaamua supavaiza kwa "kuangalia mwenendo", na bonasi yenyewe inalipwa baada ya miezi miwili, imechanganywa kwenye mshahara, slipu haionyeshi imetokana na nini. Mtu anaona elfu 87 imeongezeka hajui ni ya mwezi gani wala kwa nini sio 105. Akienda kuuliza anaambiwa mfumo ndo ulivyopiga.

Nikapata namba za kweli sasa. Kaka wa Kariakoo, ambaye nilidhani ana furaha maana picha yake iko ukutani: naweza 9, nitapewa 3, nataka 8. Ukizidisha, 0.9 mara 0.3 mara 0.8, unapata kama 0.22. Sasa angalia nilichokifanya mimi na laki yangu ya nyongeza. Tuseme nataka imepanda kutoka 8 hadi 10, ambayo ndo mwisho. Jibu linafika 0.27. Wiki tatu za kupigana na meneja wa kanda, kwa hiyo tofauti. Ila ukiacha bonasi vilevile ukapandisha nitapewa kutoka 3 hadi 8, jibu linafika karibu 0.58. Na kupandisha nitapewa hakuhitaji hela mpya, kunahitaji uaminifu na karatasi.

Dada wa Chanika: naweza 1, nitapewa 3, nataka 10. Kumi kabisa, analea watoto watatu. Jibu ni 0.03. Na nilikuwa namwandikia barua za onyo kwamba hajitumi.

Tahadhari kabla hujakimbilia eksel. Hizo namba sio vipimo kama vya uzito wa mchele. Vroom alikuwa anaeleza mtu mmoja anavyochagua kati ya mambo yake mwenyewe, leo niende Chanika kwa ndani kufuatilia deni au nikae kwenye kikundi kilicho karibu niandike ripoti nirudi nyumbani mapema. Haikuwa mizani ya kumlinganisha mtu na mtu, nane yako sio nane yangu. Mimi mwanzoni nilizipanga kwa mstari, nani ana motisha nani hana, nikataka hata kumwonyesha meneja. Nashukuru niliacha. Kazi yake ni moja tu, kukuonyesha kwa huyu mtu kimekatika wapi.

Nikakaa na ripoti ya dada usiku mmoja. Madeni yake yote nje yalikuwa milioni 68. Yaliyo hatarini milioni 7.5, hiyo ni asilimia 11. Ili ashuke hadi 5 alitakiwa abaki na milioni 3.4 tu, yaani asafishe milioni 4.1, za watu ambao wengine hawaonekani. Nikatenganisha mikopo ya kurithi na aliyotoa mwenyewe. Ya kurithi ilikuwa milioni 20, na humo ndimo zimekaa milioni 6.1 mbovu. Aliyotoa yeye ilikuwa milioni 48 na mbovu ni 1.4 tu. Asilimia 2.9. Kaka wa picha ukutani alikuwa na 3.8. Kwa kukagua wateja, dada ndo alikuwa bora tawini, na sisi tulikuwa tunamtishia kumfukuza.

Kile nilichokuwa nakiita uvivu kilikuwa akili. Kama unajua hata usipolala hutafika, na siku ya tarehe 10 unalijua hilo, unatumia bodaboda ya elfu 6 ya nini.

Sasa kuhusu haki, maana hapo ndo timu ilikuwa inalalamikia, hakuna aliyekuja kuniambia "bosi matarajio yangu yako chini". Walikuwa wanasema hapa kuna upendeleo. Kwenye masomo kuna mwingine, Stacy Adams, miaka hiyohiyo ya 1960, yeye alisema mtu haangalii zawadi yake peke yake, anaangalia alichoweka na alichopata, alafu anamtazama mwenzie alichoweka na alichopata. Baadaye mwaka 1968 Porter na Lawler wakaichukua ya Vroom wakaipanua, na kwenye mchoro wao kuna kitu kilichonigusa sana: mtu akishapata zawadi anaipima kama ni ya haki, ndo anaridhika au haridhiki, na kilichotokea safari hii kinarudi kuwa imani yake ya safari ijayo. Kwa hiyo Desemba haikuishia Desemba. Iliingia Januari ikakaa kwenye nitapewa ya watu wote nane wa wakati ule, pamoja na wale watano ambao hawakuwa wamefikisha kitu, maana na wao waliona. Na wawili waliokuja mwaka uliofuata walisimuliwa wiki ya kwanza wakiwa wanakula wali.

Na haki haikuharibu nitapewa peke yake. Kaka wa Kariakoo aliniambia kitu ambacho sikukitegemea. "Bosi mi nikifika milioni 40 natulia. Nikitoa 50, mwezi ujao mtaniwekea 50. Na wenzangu washaanza kuniita mtoto wa mjomba." Kumbe alikuwa anafika tageti tarehe 19 au 20 alafu anaficha wateja hadi mwezi unaofuata. Zawadi ya kufanya vizuri kwake ilikuwa na mkia, tageti kupanda na kutengwa na wenzie, na hivyo vyote ni nataka za hasi. Unampa mtu bonasi kwa mkono mmoja, wa pili unamwekea mzigo, ye anapiga hesabu ya vyote. Hiyo picha ya ukutani nayo aliomba kwa adabu tuitoe.

Basi nikaanza kurekebisha na nikaharibu tena. Hili ndo kosa lililoniuma zaidi na lililonigharimu hela. Nikasema kama tatizo ni Desemba, tulipe ya Desemba. Nikawaambia wale watatu, msijali, italipwa, nimeshaongea. Nilikuwa nimeongea kweli, ila kuongea sio kuidhinishiwa. Makao makuu wakakataa, mwaka wa hesabu umefungwa. Nikaogopa kurudi kuwaambia. Nikatoa elfu 80 yangu kwa mmoja na elfu 80 kwa mwingine, wa tatu nikamwambia avumilie mwisho wa mwezi. Ndani ya siku mbili timu nzima inajua. Yaani nilienda kurekebisha upendeleo nikaufanya kwa mkono wangu, laki na elfu 60 imeondoka na mke wangu hajui mpaka leo, labda atasoma hapa. Ikabidi niitishe kikao niseme wazi, niliahidi kisichokuwa changu, Desemba haitalipwa, samahani. Mzee wa timu akasema, "Afadhali umesema." Huo ndo ulikuwa mwanzo halisi, nadhani.

Tangu hapo nina sheria moja, siahidi kitu ambacho saini yake haiko kwenye karatasi. Nikarudi kwa meneja wa kanda lakini safari hii sikuomba hela. Niliomba mambo manne na nikamwambia ukinipa haya hata ile laki mbili na nusu punguza. Akaipunguza kweli, ikawa laki mbili. Nilijuta kidogo kumpa wazo.

La kwanza, mikopo ya kurithi itoke kwenye paa ya ofisa aliyeikuta, iwe na daftari lake, na ofisa apate asilimia ndogo ya kila anachokomboa humo. Hili lilileta kelele, kila mtu akaanza kudai na yeye ana ya kurithi, mpaka ya miaka miwili nyuma. Tukaweka mpaka: eneo ulilokabidhiwa ndani ya miezi 12, na mikopo iliyokuwa imeshachelewa siku ya makabidhiano, kwa ripoti ya siku ile, sio kwa kumbukumbu. Tukakosa ripoti ya eneo moja na ofisa wake akapoteza, hiyo sikuweza kumsaidia.

La pili, tageti kwa eneo. Tuliangalia wastani wa mkopo wa mteja wa eneo lile na vikundi vingapi mtu anaweza kufika kwa siku kwa kweli, Chanika ikawa milioni 24, Kariakoo ikabaki 40. Kaka wa Kariakoo angeweza kulalamika lakini yeye tulimpa alichotaka, tageti imefungwa kwa maandishi miezi sita, ukizidisha hatukugusi. Mwezi uliofuata akatoa milioni 47. Wale wateja aliokuwa anawaficha.

La tatu, tukaondoa ile ya kupata yote au kukosa yote. Asilimia 80 ya tageti elfu 90, asilimia 90 laki na elfu 40, asilimia mia ni laki mbili. Paa ya mikopo yako mwenyewe ikizidi 5 unapata nusu. Hili dogo lilibadilisha wiki ya mwisho ya mwezi kuliko lolote, maana zamani mtu akiona tarehe 22 hafiki, anakunja mwavuli. Sasa kuna ngazi iliyo karibu.

La nne, ile asilimia 30 ya supavaiza ikafutwa. Hii ilikuwa yangu na iliniuma, nilikuwa naipenda, ndo iliyokuwa inafanya watu waniitikie simu Jumapili. Badala yake kila tarehe 5 karatasi ya hesabu inabandikwa, ofisa ana siku tatu za kuipinga, alafu inaenda kwa wahasibu, na kwenye slipu inakaa mstari wake peke yake umeandikwa mwezi wa kazi.

Nataka niliigusa kidogo tu. Mzee wa timu alisema yeye watoto wamemaliza shule, anachotaka ni Jumamosi mbili aende shambani Mkuranga. Tukaruhusu ukifika mia uchague, hela yote au upungukiwe elfu 40 upate Jumamosi mbili. Waliochagua Jumamosi ni yeye na dada mmoja mwenye mtoto mchanga. Usibuni zawadi ofisini kwako, uliza, majibu yake hutayatabiri.

Mnaotaka kuiga, sikilizeni hili ambalo nililiona mwezi wa tatu. Watu wakiamini kweli watalipwa, wanasukuma. Na wanasukuma kile unachokipima. Nikaona mikopo imerundikana siku tatu za mwisho wa mwezi, na wateja wanamaliza deni asubuhi wanakopeshwa mchana uleule kiasi kikubwa zaidi. Paa inapendeza, bado, kwa sababu ubovu wake hauonekani mpaka zipite siku 30 baada ya rejesho la kwanza kukosekana, na bonasi imeshaliwa. Ukiangalia tarehe za mikopo utalijua mapema, usisubiri paa ikuambie. Nilifikiria kuzuia nusu ya bonasi kwa siku 60, alafu nikaona narudi kulekule, ukichelewesha malipo unaikata nitapewa uliyoijenga kwa damu. Tukaamua bonasi ilipwe kwa wakati, ila mkopo wowote wa siku tatu za mwisho unahesabika kwenye tageti baada ya mimi kumtembelea mteja. Kazi ikaniongezekea mimi. Sina hakika ndo jibu bora, ila lilipunguza.

Na kuna vitu hii hesabu haikugusa kabisa. Kwenye hizo mazungumzo za mama lishe niligundua wapya wawili waliajiriwa kwa mshahara unaozidi wa wazee kwa elfu 50. Hilo hakuna bonasi inayolitibu, mtu analiona kila mwezi, na halikuwa mikononi mwangu. Ofisa mmoja mzuri aliondoka kwa ajili hiyo, mwezi wa tano wa mabadiliko, akaniambia "bosi bonasi yako haina shida". Mwingine nilidhani naweza yake imekufa kwa sababu ya tageti, kumbe simu ya ofisi aliyopewa inazima kila saa nne na hawezi kurekodi marejesho akiwa kwenye kikundi. Wiki mbili nafanya falsafa, dawa ilikuwa betri. Anza na vitendea kazi, tafadhali. Na wapo wawili ambao hawakubadilika, juu wala chini, walikuwa wanajituma kabla na baada, ukiwauliza wanakuambia wale kinamama wa kikundi wananitegemea. Kwao sikuona hesabu yoyote ikipigwa.

Matokeo hayakuwa ya kutangazia redioni. Paa ya tawi ilishuka kutoka asilimia 9 na kidogo hadi 6 na nusu kwa miezi sita, na sehemu ya hiyo ni kuhamisha tu madeni kwenye daftari lingine, nisiwadanganye. Mikopo iliongezeka.

Ila kuna tarehe 5 moja ambayo siisahau. Nimebandika karatasi, nikaenda kunywa chai. Dada wa Chanika akanifuata na daftari la shule la mwanae, amepiga hesabu yake mwenyewe. Mimi nimemwandikia milioni 21.1 kati ya 24, haijafika asilimia 90, kwa hiyo elfu 90. Yeye anasema ametoa 22.3, hiyo ni karibu 93, anatakiwa apate laki na elfu 40. Tukafungua mfumo, kumbe mkopo mmoja wa milioni 1 na laki 2 alioutoa tarehe 30 jioni umeingizwa tarehe 1. Mteja tulishamtembelea, fomu ina tarehe yake. Alikuwa amekasirika kweli, anagonga daftari mezani, "Bosi hii ni elfu 50 yangu, elfu 50!" Na mi nimekaa nacheka kama mjinga, yeye haelewi kwa nini, maana mwaka mzima kabla ya hapo hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuja kubishana na mimi kuhusu hesabu ya bonasi. Nikairekebisha palepale, akasimama mpaka akaona nimeweka saini.